Bonasi ya maziwa: namba ya chini ambayo hakuna anayeiulizia

*Mkaguzi, hujambo? Mimi ni mama wa ng'ombe wanne huku Nyandarua, na ni mwanachama wa ushirika wetu wa maziwa. Mwaka uliopita nilipeleka lita 9,600. Hisa zangu ni Sh 20,000: 12,000 ni za zamani, na 8,000 niliongeza mwanzoni mwa Oktoba. Juzi nimetumiwa Sh 16,424, wameandika "gawio na bonasi", basi, hakuna maelezo mengine. Jirani yangu alipeleka lita 7,000 tu lakini amepata Sh 17,280. Nimekutumia kurasa za kijitabu cha mkutano mkuu. Nitajuaje kama nimepunjwa?*

Sijambo, mama. Jirani tumweke kando kidogo, tutamrudia. Kwanza tutenganishe pesa zako, maana ujumbe uliotumiwa umechanganya vitu viwili visivyopimwa kwa kipimo kimoja.

Gawio ni malipo ya hisa zako. Bonasi ni malipo ya biashara uliyofanya na chama, na kwenu biashara hiyo ni maziwa. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya Kenya, ile Sura ya 490, inavieleza hivyo kimoja kimoja: gawio hupimwa kwa hisa za mwanachama zikilinganishwa na hisa zote za chama, na bonasi kwa biashara ya mwanachama ikilinganishwa na biashara yote ya chama. Mpango huu si wa jana. Wafumaji na mafundi wenzao wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao la ushirika mwaka 1844, waliuweka hivyo makusudi: mtaji ulipwe kiasi chenye kikomo, na faida inayobaki irudi kwa wanunuzi kwa kadiri ya manunuzi yao. Ndiyo sababu katika ushirika unaoendeshwa sawasawa rundo la bonasi huwa kubwa kuliko la gawio. Ukiona chama cha maziwa kinalipa gawio nono na bonasi ya senti, wenye hisa nyingi wanakula jasho la wenye ng'ombe wengi, hata kama kila hesabu imejumlishwa vizuri.

(Kwa majirani zetu wa majani chai: ile "bonasi" ya kiwandani ni malipo ya pili ya majani. Viwanda vile ni kampuni, si vyama vya ushirika, kwa hiyo msichukue hesabu hii mkaipeleka huko.)

Sasa kijitabu. Ziada ya mwaka, baada ya gharama na kodi ya chama, ni Sh 6,000,000. Asilimia 20, yaani Sh 1,200,000, imekwenda kwenye mfuko wa akiba, na asilimia 5, Sh 300,000, kwenye mfuko wa elimu. Zimebaki Sh 4,500,000. Mkutano ukaazimia gawio la asilimia 8 juu ya hisa za Sh 10,000,000, ambalo ni Sh 800,000, na zilizobaki, Sh 3,700,000, "zigawiwe wanachama kwa kadiri ya maziwa waliyoleta". Kujumlisha kumekaa sawa. Viwango vya akiba na elimu vilinganishe na sheria ndogo za chama chenu. Kama sheria ndogo zinasema asilimia 20, basi iwe 20, wala mkutano hauwezi kuipunguza kwa kupiga makofi. Pesa zikishaingia mfuko wa akiba hazigawanyiki tena; hakuna mwanachama anayeweza kudai fungu lake humo, hata siku anapohama chama.

Kabla hujaiacha hiyo Sh 6,000,000, pindua ukurasa uone imetoka wapi. Sheria inakataza chama kulipa gawio au bonasi bila hesabu zilizokaguliwa zinazoonyesha ziada inayolipiwa. Lakini hesabu zilizokaguliwa zinaweza kuwa na ziada ya karatasi. Mara nyingi nimekuta moja ya haya mawili: shamba la chama limethaminiwa upya na thamani iliyopanda imeingizwa kwenye mapato, au kiwanda kinachonunua maziwa kinadaiwa pesa za miezi mitatu na deni hilo limehesabiwa kama pesa zilizokwisha kuingia. Shamba halijauzwa, na kiwanda hakijalipa. Chama kikigawa ziada ya namna hiyo kitalazimika kukopa benki ili kilipe, na riba ya mkopo huo mtailipa ninyi wenyewe mwaka unaofuata. Katika kurasa zako sioni lolote kati ya haya mawili. Wadaiwa wamepungua kuliko mwaka wa nyuma na hakuna mali iliyothaminiwa upya. Ziada yenu ni ya kweli, kwa hiyo tuendelee.

Tuanze na gawio, ambalo ni jepesi. Hisa zako ni Sh 20,000, na asilimia 8 yake ni Sh 1,600. Lakini Sh 8,000 kati ya hizo zilikaa chamani miezi mitatu tu. Vyama vingi hulipa kwa miezi: 12,000 zimefanya kazi mwaka mzima, na 8,000 zimefanya robo mwaka, kwa hiyo zinahesabiwa kama 2,000. Jumla inakuwa 14,000, na asilimia 8 yake ni Sh 1,120. Njia ipi ni halali, utaiona katika sheria ndogo au katika maneno ya azimio. Mimi naona ya miezi ni ya haki, kwa sababu bila hiyo mtu mwenye pesa angeleta laki tano Desemba 30 na kuchukua gawio la mwaka mzima. Kisha kuna kodi ya zuio. Gawio la mkazi wa Kenya hukatwa asilimia 5 kabla ya kulipwa. Kwa Sh 1,120 kodi ni Sh 56, na mkononi unabaki na Sh 1,064.

Bonasi ndiyo yenye kazi. Hukupewa kiwango kwa lita, na kijitabu nacho hakikitaji, ila unaweza kukifichua mwenyewe. Toa gawio katika pesa ulizopokea, kisha gawanya kinachobaki kwa lita zako. Nikitumia gawio lisilo la miezi, yaani 1,600 ukitoa kodi ya 80, nabaki na Sh 14,904. Nikigawanya kwa 9,600 napata Sh 1.5525 kwa lita. Hakuna mweka hazina anayelipa kiwango cha namna hiyo. Nikitumia gawio la miezi, 16,424 ukitoa 1,064 ni Sh 15,360, na ukigawanya kwa 9,600 unapata Sh 1.60 kamili. Kiwango kikitoka kimenyooka hivyo, mara nyingi umekigusa chenyewe. Tusikiamini bado, maana namba mbili zinaweza kukutana kwa bahati. Tukijaribu kwa jirani.

Jirani yako alipeleka lita 7,000. Kwa Sh 1.60 bonasi yake ni Sh 11,200. Katika 17,280 zinabaki Sh 6,080, ambazo ni gawio lililokwisha kukatwa kodi. Kabla ya kodi lilikuwa Sh 6,400, na hiyo ni asilimia 8 ya Sh 80,000 kamili. Kwa hiyo jirani yako ana hisa za elfu 80 zilizokaa mwaka mzima. Muulize kwa upole ukimkuta kwenye foleni ya maziwa. Akikubali, kiwango cha Sh 1.60 kimethibitika, na yeye kukupita hakuna ubaya wowote. Wewe umemshinda kwa bonasi, yeye amekushinda kwa hisa. Watu wengi huleta malalamiko kwa sababu ya kulinganisha jumla na jumla, na wengi wao hurudi nyumbani hapa.

Wewe usirudi bado. Mkutano uliazimia Sh 3,700,000 zigawiwe wanachama. Ukurasa wa mapokezi ya maziwa unasema chama kilipokea lita 2,312,500: lita 1,850,000 kutoka kwa wanachama na lita 462,500 kutoka kwa wasio wanachama, wale wanaoleta kwa msimu na kulipwa bei ya siku. Gawanya Sh 3,700,000 kwa lita za wanachama, unapata Sh 2.00 kwa lita. Gawanya kwa lita zote, unapata Sh 1.60. Hapo ndipo kiwango chenu kilipotoka. Kwa Sh 2.00 bonasi yako ingekuwa Sh 19,200. Umepata Sh 15,360. Tofauti ni Sh 3,840.

Kila hesabu ya mgao ina namba ya juu na namba ya chini. Ya juu ni yako, na unaijua kwa sababu una kadi ya maziwa. Ya chini ni jumla inayogawanyia, na katika mikutano mikuu niliyokaa sijasikia mtu akiinuka kuiulizia. Watu huuliza "bonasi ni ngapi?" wakati swali lenye pesa ndani ni "mmegawanya kwa ngapi?"

Je, kugawanya kwa lita zote ni kosa? Meneja wenu akijua sheria atakujibu kwamba tafsiri ya bonasi katika Sura ya 490 yenyewe inataja biashara yote ya chama, na hapo atakuwa anasoma sawasawa. Njia hiyo ina mantiki yake: maziwa ya wasio wanachama nayo yameingiza faida, na faida hiyo wanachama hawakuitolea jasho, basi ibaki chamani na iende kwenye akiba. Vyama vingine vinafanya hivyo kwa makusudi, na mimi sioni ubaya. Tatizo la kwenu ni kwamba azimio linasema Sh 3,700,000 zote zigawiwe wanachama. Ukilipa wanachama Sh 1.60 kwa lita zao 1,850,000, unakuwa umelipa Sh 2,960,000 tu. Sh 740,000 zimebaki, na kijitabu hakisemi ziko wapi. Njia ya kugawanya inaweza kutetewa, lakini pesa zisizo na mahali pa kukaa katika vitabu haziwezi.

Kwa hiyo jibu la swali lako, kwa sasa, ni kwamba hujathibitika kupunjwa na pia hujathibitika kulipwa. Yote yanategemea hizo Sh 740,000, na zinaweza kuwa katika mahali pa aina tatu.

La kwanza ni chamani. Siku mkutano ulipopitisha azimio, Sh 3,700,000 zilipaswa kuandikwa kama deni la chama kwa wanachama, kwa jina la bonasi ya kulipwa au maneno kama hayo. Baada ya malipo, leja ya akaunti hiyo itaonyesha Sh 2,960,000 zimetoka na Sh 740,000 zimesalia. Hapo mambo ni mepesi: ama mlipwe Sh 0.40 iliyobaki kwa kila lita, ama mkutano ubadilishe azimio na kuzipeleka kwenye akiba waziwazi. Bodi haina ruhusa ya kulifanya hilo la pili kimyakimya.

La pili ni mfukoni mwa wasio wanachama. Huenda karani aliingiza wapeleka maziwa wote katika kompyuta na kuwalipa wote Sh 1.60. Nimeliona hili katika chama kimoja ambako programu ya mapokezi ilikuwa haitofautishi mwanachama na mpita njia. Wote walikuwa namba tu. Haukuwa wizi. Lakini bonasi kwa sheria ni fungu la mwanachama, na chama kinachompa asiye mwanachama kimetoa pesa bila idhini. Anayetaka bonasi anunue hisa kwanza.

La tatu ndilo la kuogopwa: orodha ya malipo ina namba za wanachama waliokufa, waliohama, au ambao hawajawahi kuwapo, nazo zimewekewa lita za wale wasio wanachama. Katika karatasi kila kitu kitakaa sawa, Sh 3,700,000 zitaonekana zimelipwa, na lita zitafika 2,312,500. Kinachofichua ni kulinganisha vitu ambavyo mwenye kughushi hakuviandika kwa mkono mmoja.

Vitu hivyo ni vitatu. Omba jumla ya lita katika orodha ya bonasi, jumla ya lita za wanachama katika taarifa ya mapokezi, na jumla ya pesa zilizotoka benki au kwa simu kwa ajili ya bonasi. Lita za orodha zikiwa 1,850,000 na pesa zilizotoka 2,960,000, uko mahali pa kwanza, na Sh 740,000 zipo. Lita za orodha zikiwa 2,312,500 na pesa zilizotoka 3,700,000, uko pa pili au pa tatu. Kutofautisha hayo mawili, angalia idadi ya walioko kwenye orodha na idadi ya wanachama katika rejista. Kama orodha ina watu wengi kuliko rejista, yaelekea ni wasio wanachama wamelipwa. Kama idadi zinalingana lakini lita za orodha zimezidi lita za wanachama katika taarifa ya mapokezi, kuna namba zilizopakiwa maziwa ambayo hazikuleta. Hapo omba malipo ya kila mwezi ya namba kubwa kumi za juu. Mtu aliyepeleka lita elfu 30 kwa mwaka hawezi kukosa kuonekana katika malipo ya mwezi wa Machi au wa Agosti. Ng'ombe hawakamwi kwenye orodha ya bonasi peke yake.

Sina haja ya kukuambia uombe majina na pesa za kila mtu. Jumla zinatosha, na ukiomba jumla tu meneja hana kisingizio cha siri za wanachama.

Kuna namba ya chini nyingine inayopotosha bila mtu yeyote kuwa mwizi: kilo na lita. Vituo vingi hupima maziwa kwa mizani, kwa kilo, halafu malipo huandikwa kwa lita. Lita moja ya maziwa ina uzito wa karibu kilo 1.03. Tofauti hiyo ya asilimia 3 unaidharau ukiitazama ndooni, lakini kwenye bonasi ina sauti. Chukua lita 1,850,000 za wanachama: kwa kilo ni 1,905,500. Karani akigawanya Sh 3,700,000 kwa kilo hizo anapata kama Sh 1.94, kisha akiizidisha kwa lita zako 9,600 anakupa Sh 18,640 hivi badala ya 19,200. Zimekupotea zaidi ya Sh 500, na hakuna aliyezichukua. Zimebaki zikielea kwa sababu namba ya juu ni lita na ya chini ni kilo. Akitumia kilo juu na kilo chini, au lita juu na lita chini, unapata kile kile. Kwenu namba zimenyooka mno kwa lita kiasi kwamba naamini kosa hili halipo, lakini itazame kadi yako uone imeandikwa kipimo gani, na kama namba ya kadi inafanana na ya kompyuta yao. Lita zilizokataliwa kituoni kwa kuchacha au kuongezwa maji hazihesabiwi popote, wala juu wala chini.

Ugonjwa huo huo uko katika gawio. Nilisema wamekulipa kwa miezi, hisa zako zikawa 14,000 badala ya 20,000. Lakini zile Sh 800,000 za gawio zimepatikana kwa kuchukua asilimia 8 ya Sh 10,000,000, na kwa mujibu wa mizania uliyonitumia hizo ni hisa za siku ya mwisho wa mwaka, bila kupunguzwa kwa miezi. Juu wametumia miezi, chini wametumia mwisho wa mwaka. Kila mwanachama aliyeongeza hisa katikati ya mwaka, kama wewe, amelipwa pungufu ya kilichotengwa kwa ajili yake, na tofauti imebaki. Tuseme hisa za wote zikipimwa kwa miezi ni Sh 9,400,000. Gawio la asilimia 8 lingekuwa Sh 752,000, na Sh 48,000 zingesalia. Si pesa za kuvunjia chama, ila nazo zinahitaji mstari wake katika vitabu. Mkaguzi wa hesabu angepaswa kulidaka hili. Kama hakulidaka, inawezekana alikagua mizania akaiacha orodha ya malipo, jambo ambalo si geni.

Wasomaji walio katika SACCO wanaweza kutumia njia hii hii. Weka akiba zako mahali pa lita, na kumbuka kwamba pale kuna gawio la hisa upande mmoja na riba ya akiba upande mwingine, kila moja na kiwango chake. Karibu kila mahali akiba huhesabiwa kwa miezi, kwa hiyo akiba ya Novemba haiwezi kuzaa kama ya Januari. Jumla ya chini nayo lazima iwe ya miezi.

Kisha makato. Ulichopokea ni Sh 16,424 na kimefunguka bila kubaki senti, ndiyo maana nina hakika hukukatwa kitu kingine. Wengine hawana bahati hiyo: bonasi huja imekwisha kulipa deni la chakula cha ng'ombe katika duka la chama, au nusu yake imegeuzwa kuwa hisa kwa azimio la mkutano. Yote mawili ni halali yakiwa na idhini, lakini yaandikwe. Mwanachama aonyeshwe bonasi kabla ya makato, kila kato kwa jina lake, kisha kinachobaki. Pesa zilizogeuzwa hisa zionekane katika kadi yako ya hisa. Kama hazipo, zimekwenda kwingine.

La kufanya sasa. Mwandikie meneja barua, nakala kwa mwenyekiti wa kamati ya uangalizi, na uombe wakugongee muhuri wa kupokea katika nakala yako. Usiandike kwamba umeibiwa, kwa sababu hujui. Andika hivi:

"Mimi mwanachama namba fulani naomba maelezo ya malipo yangu ya Sh 16,424: gawio kabla ya kodi na hisa zilizotumika kulihesabu, kiwango cha bonasi kwa lita na jumla ya lita iliyotumika kukipata, jumla ya lita na jumla ya pesa katika orodha ya bonasi, na mahali Sh 740,000 zilipoandikwa, ambazo ni tofauti kati ya Sh 3,700,000 zilizoazimiwa na Sh 1.60 kwa lita 1,850,000 za wanachama."

Mstari huo wa mwisho ndio wenye meno. Meneja akiuona anajua aliyeandika ameshapiga hesabu, na wengi hujibu haraka. Mwanachama ana haki ya kuona sheria ndogo, hesabu zilizokaguliwa na kumbukumbu za mikutano, kwa hiyo huombi hisani.

Wakikaa kimya, nenda kwa afisa wa ushirika wa kaunti ndogo yenu na barua ile yenye muhuri. Yeye anaweza kuitazama orodha ya malipo na leja, na mara nyingi jambo huishia mezani kwake. Ikishindikana, Kamishna wa Maendeleo ya Ushirika ana mamlaka ya kuanzisha uchunguzi, na wanachama wenyewe wanaweza kuuomba katika mkutano uliotangazwa ipasavyo, wakiwa si chini ya theluthi moja ya waliohudhuria na kupiga kura. Mgogoro kati ya mwanachama na chama chake huenda katika Baraza la Ushirika, si mahakama ya kawaida. Sikushauri ukimbilie huko kwa Sh 3,840 zako peke yako. Sh 740,000 za wote ni habari nyingine. (Walio Tanzania, kwenu mlango ni mrajis na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na ukaguzi wa vyama vingi hufanywa na COASCO; maswali ya kuuliza ni haya haya.)

Mkutano mkuu ujao usikubali tena azimio la "Sh 3,700,000 zigawiwe kwa kadiri ya maziwa". Inuka uombe liandikwe kwa namba zote: kiasi kinachogawiwa, jumla ya lita inayogawanyia, kwamba lita hizo ni za wanachama au za wote, kiwango kwa lita, na kitakachobaki kinakwenda mfuko gani. Likiandikwa hivyo, mwanachama yeyote mwenye kadi ya maziwa na simu ya kupigia hesabu ataijua bonasi yake kabla hajatumiwa, na kama ujumbe utakuja na namba nyingine atakuwa na la kuuliza siku hiyo hiyo.